Shahada ya uzamili Uingereza au Ujerumani: vigezo na tarehe za Chevening na DAAD EPOS bega kwa bega

Mtu wa Afrika Mashariki mwenye shahada ya kwanza na miaka michache ya kazi akianza kutafuta ufadhili kamili wa shahada ya uzamili Ulaya, hachukui muda kukutana na majina mawili. La kwanza ni Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983. La pili ni EPOS, mpango wa Ujerumani unaogharimiwa na wizara yao ya ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo na kusimamiwa na DAAD, shirika la Ujerumani linalotoa fadhili za masomo. Kwa juu juu zinafanana kama pacha. Zote mbili zinakupa nauli ya kwenda na kurudi, zote zinakupa posho ya kila mwezi, na zote zinataka mtu aliyefanya kazi miaka miwili. Ndiyo maana wengi huzichagua kwa kulinganisha posho, na hapo ndipo wanapopotea.

Mtoto wa kaka yangu alinijia mwezi wa saba mwaka 2025 akiwa na matangazo yote mawili kwenye simu. "Shangazi," aliniuliza, "ipi inalipa zaidi?" Nikamwambia tuanze na swali jingine: ipi inakukubali, na itaendelea kukukubali mpaka lini? Hilo swali la pili ndilo lililotuamulia kila kitu, kwa sababu mojawapo ya fadhili hizi ina mlango unaojifunga wenyewe kadiri cheti chako kinavyozeeka, na nyingine haina.

Nieleze kwanza hali yake, maana bila mtu halisi vigezo hubaki maneno. Alisoma mipango miji Chuo Kikuu cha Ardhi, shahada ya miaka minne, akahitimu Novemba 2019 kwa GPA ya 3.6. Baadaye alifanya kazi ya nusu siku kwenye kampuni ndogo ya upangaji na upimaji, saa ishirini kwa wiki kwa muda wa mwaka mmoja. Kuanzia Februari 2024 ana mkataba wa kazi ya siku nzima kwenye mradi wa urasimishaji makazi. Kati ya vipindi hivyo aliuza vitenge na kusaidia dukani kwa mama yake, kama vijana wengi wanavyofanya wakisubiri ajira.

Haya ndiyo tuliyoyaandika kwenye karatasi, upande huu na upande huu:

| | Chevening | DAAD EPOS |
|---|---|---|
| Ngazi | Uzamili wa darasani, mwaka mmoja | Uzamili zaidi. Kozi chache zina uzamivu |
| Nchi ya masomo | Uingereza, karibu chuo chochote | Ujerumani, kozi zilizo kwenye orodha tu |
| Fani | Karibu yoyote | Zinazogusa maendeleo: ardhi, maji, nishati, misitu, kilimo, afya, uchumi |
| Umri wa cheti cha mwisho | Hakuna kikomo | Kisizidi miaka sita |
| Kazi | Saa 2,800 | Miaka miwili, ya fani husika |
| Maombi yanakwenda | Chevening, na vyuo pembeni | Kwenye kozi moja kwa moja |
| Mwisho wa maombi | Tarehe moja kwa wote | Kila kozi ina tarehe yake |
| Baada ya masomo | Kurudi nyumbani miaka miwili | Lengo ni kazi ya maendeleo kwenu |

Mstari wa nne ndio mzito kuliko yote, nami nitakaa hapo kidogo.

Cheti kinachozeeka

EPOS inataka shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita tangu uipate. Kwa mpwa wangu, Novemba 2019 ukiongeza miaka sita ni Novemba 2025. Maana yake ni kwamba angeweza kuomba katika dirisha la mwaka 2025, na dirisha la mwaka 2026 lingemkuta amekwishatoka nje. Alikuwa na nafasi moja tu. Chevening haina kigezo hicho, wala haina kikomo cha umri wa mwombaji. Mtu wa miaka arobaini na tano aliyehitimu zamani anaomba sawa na wa ishirini na saba. Kwa hiyo hata kama moyo wake ulikuwa Uingereza, na kweli ulikuwa huko, kazi ya kwanza ilikuwa EPOS. Chevening ingemsubiri mwaka ujao na mwaka wa keshokutwa.

Watu hukosea hesabu hii kwa namna mbili. Wengine huhesabu kuanzia siku waliyokabidhiwa cheti chenyewe ofisini, ambayo huenda ikawa mwaka mzima baada ya mahafali. Wanaopitia maombi watasoma tarehe iliyoandikwa kwenye cheti au kwenye transkripti, hawajui siku uliyopanga foleni. Wengine husahau neno "ya mwisho". Kama una shahada ya kwanza ya 2014 na stashahada ya uzamili ya 2021, iandikie kozi uliyoilenga uwaulize wanaihesabu ipi, kabla hujalipia kutafsiri au kuthibitisha karatasi yoyote.

Kuna jambo jingine la cheti ambalo linawagusa Watanzania hasa. EPOS kwa kawaida inatarajia shahada ya kwanza ya miaka minne. Ya mpwa wangu ni ya miaka minne, tukapita. Lakini shahada nyingi za vyuo vyetu ni za miaka mitatu, na kozi hazilichukulii suala hili kwa namna moja. Ukurasa wa kozi ndio unaosema, na ukiukuta kimya, andika barua pepe fupi kwa mratibu wa kozi: nina shahada ya miaka mitatu kutoka chuo fulani, je, inatosha? Ni bora upate jibu la hapana mwezi wa saba kuliko ukimya mwezi wa tatu.

Kwa upande wa alama, Chevening hutaka shahada inayokuruhusu kuingia uzamili Uingereza, na kwa vyuo vingi hiyo ni daraja la pili la juu. Kwa vyuo vyetu vinavyotumia GPA ya tano, hapo ni kuanzia 3.5. Mwenye 3.4 asikate tamaa mapema wala asijidanganye: Chevening haimfungii mlango kwa namba hiyo, ila anahitaji kutafuta vyuo vitatu vinavyokubali daraja la pili la chini, na vipo. EPOS yenyewe huangalia kama matokeo yako yako juu ya wastani wa wenzako.

Miaka miwili ya kazi haihesabiwi namna moja

Tangazo la Chevening linasema saa 2,800. Namba hiyo imetoka wapi? Ni saa 35 kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, mara miaka miwili. Ukishajua hivyo utaona kwamba haupimwi kwa kalenda, unapimwa kwa saa. Mpwa wangu kuanzia Februari 2024 hadi mwisho wa Septemba 2025 alikuwa na wiki zipatazo 80 za kazi ukiondoa likizo, saa 40 kila wiki. Hizo ni saa 3,200, na kigezo kimekwishatimia kwa mkataba mmoja, hata kabla ya miezi ishirini na minne kutimia. Chevening inapokea pia kazi ya kujitolea, ya muda mfupi na mafunzo ya kazini, yawe ya malipo au bila malipo. Haipokei mafunzo kwa vitendo yaliyokuwa sehemu ya lazima ya shahada yako, yale ya likizo ndefu tunayoyaita fildi. Ushauri wangu ni kuanza kuhesabu saa za baada ya kuhitimu. Zikitosha hizo peke yake, huna sababu ya kugusa za nyuma.

EPOS ni tofauti. Hapa ni miaka miwili, na iwe kazi inayohusiana na kozi unayoiomba. Mkataba wake wa siku nzima ulikuwa na miezi ishirini tu. Vitenge na duka la mama havihesabiki kwenye mipango miji, hata kama vilimfundisha mengi. Kwa hiyo tulirudi kwenye ile kazi ya nusu siku: mwaka mmoja wa saa ishirini kwa wiki ni sawa na miezi sita ya kazi kamili. Ishirini na sita. Amepita kwa miezi miwili, lakini kwa sharti kwamba ile kazi ya nusu siku ithibitike kwa karatasi.

Na hapo karatasi ikawa shida. Barua aliyokuwa nayo kutoka kwa mwajiri wa zamani ilisema kwa ufupi kwamba "alifanya kazi nasi kwa muda na alikuwa mchapakazi". Haikuwa na tarehe ya kuanza wala ya kumaliza, haikutaja saa, haikutaja cheo. Ilikuwa na muhuri mkubwa wa bluu, na kwetu muhuri hutuliza moyo, lakini msomaji wa Ujerumani anatafuta kitu kingine. Tukamwandikia mkurugenzi wake wa zamani tukimwomba aandike upya: cheo, tarehe kamili za kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, kazi alizofanya, kisha jina la mwandishi na cheo chake, kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, na tarehe ya sasa. Ilichukua siku kumi na tisa kuipata. Anayeanza jambo hili wiki ya mwisho hana siku kumi na tisa.

Kwenye EPOS barua ya mwajiri wa sasa ina uzito hasa, maana mpango wenyewe umekusudiwa watu walio kazini watakaoyarudisha maarifa kazini. Barua ya kusema tu kwamba fulani ni mwajiriwa wetu haitoshi kumpambanua mtu. Ile inayosema atakapomaliza atafanya nini hapa, na kwa nini tunamhitaji aende, hiyo inasomeka.

Maombi yanakwenda kwa nani

Hili huwachanganya wengi kuliko yanavyostahili. Kwa EPOS, huombi kwa DAAD. DAAD hutoa kijitabu chenye orodha ya kozi za mwaka huo, wewe unachagua kozi, na maombi yako yote, pamoja na fomu ya DAAD, yanakwenda kwenye kozi. Unaruhusiwa kuomba kozi zisizozidi tatu, na ukiomba zaidi ya moja unaziorodhesha kwa kipaumbele. Anayetuma bahasha yake DAAD moja kwa moja amepoteza muda wake.

Kwa mpwa wangu kozi ya kwanza ilijichagua yenyewe. SPRING ya chuo cha Dortmund ni kozi ya mipango ya mikoa na miji inayokua, na imekuwa kwenye orodha ya EPOS kwa miaka mingi. Mwaka wa kwanza unasoma Dortmund, wa pili katika chuo mshirika kimojawapo, na mmojawapo wa washirika ni Chuo Kikuu cha Ardhi, pale pale alipotoka. Wengine ni KNUST ya Ghana, chuo kikuu cha Ufilipino na Universidad Austral ya Chile. Nalitaja kwa sababu neno "nchi ya masomo" kwenye tangazo si mara zote lina maana unayoidhani. Kama unachotaka ni miaka miwili mfululizo Ujerumani, soma muundo wa kozi kabla hujaiweka namba moja. Yeye alifurahi, alisema atapenda kwenda Ghana au Ufilipino aone miji mingine inavyohangaika na makazi yasiyopangwa.

Karatasi za EPOS zina utaratibu wake: wasifu kwa mtindo wa Europass, barua ya motisha inayoeleza kazi unayoifanya sasa na sababu ya kuichagua kozi hiyo, vyeti na transkripti, uthibitisho wa kazi, na IELTS au TOEFL kwa kozi za Kiingereza. Saini na tarehe ziwepo kwenye wasifu na kwenye barua. Ni jambo dogo linalorudisha watu nyuma. Baadhi ya kozi hupitisha maombi uni-assist, ofisi inayokagua vyeti vya kigeni kwa niaba ya vyuo vya Ujerumani, ambako kuna ada: euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata.

Chevening inakwenda kwa njia mbili kwa pamoja. Fomu ya ufadhili unaijaza kwenye mfumo wao, ukichagua kozi tatu. Kisha wewe mwenyewe, mbali na Chevening, unaomba nafasi kwenye vyuo hivyo vitatu. Wapo waliofaulu usaili wa ubalozini kisha wakaukosa ufadhili kwa sababu hawakuwa na nafasi chuoni. Kinachotakiwa ni barua ya kukubaliwa bila masharti, ambayo kwenye mfumo wa chuo utaiona imeandikwa `unconditional`, angalau kutoka chuo kimoja, kabla ya tarehe watakayoipanga mwezi wa saba. Ikisomeka `conditional`, bado una deni: mara nyingi ni IELTS, transkripti iliyothibitishwa au barua ya mdhamini wa kitaaluma. Chevening yenyewe haidai tena cheti cha Kiingereza, lakini chuo kinaweza kukidai, na matokeo ya IELTS hudumu miaka miwili tu. Ukiifanya mapema mno inakufia mkononi.

Insha za Chevening zinahusu uongozi, mahusiano unayoyajenga na watu, sababu ya kozi ulizochagua, na mpango wako wa kazi. Mwombaji wa EPOS mwenye barua nzuri ya motisha hushawishika kuinakili huku. Asifanye hivyo. EPOS inauliza kazi yako itafaidikaje na kozi hii. Chevening inakuuliza wewe umewahi kuwashawishi akina nani wafanye nini, na inataka mfano mmoja wenye mwanzo na mwisho. Mpwa wangu alikuwa ameandika kwamba yeye ni kiongozi mwenye maono. Nikamuuliza, ile siku wenye viwanja walipogoma kuacha barabara ya mita sita, nani alizungumza nao? "Mimi, shangazi. Nilienda nyumba kwa nyumba na mjumbe, jioni tatu." Basi andika hilo. Insha yake ya uongozi sasa ina jioni tatu, mjumbe mmoja na nyumba kumi na moja, na neno maono halimo.

Tarehe, na mwaka ulio kwenye kichwa cha habari

Tangazo likiandikwa "Chevening 2026/2027", huo ni mwaka wa masomo. Maombi yake yalifungwa mwaka 2025. Kijana anayeona 2026 akadhani ana mwaka mzima wa kujiandaa, atashangaa dirisha limefungwa. Na unapotafuta, usiandike tu jina la ufadhili. Weka ngazi, nchi na mwaka wa masomo, kisha hakikisha kwenye tovuti ya wenyewe, `chevening.org` au `daad.de`, kwa sababu kurasa nyingi zinazonakili matangazo huacha tarehe za zamani.

Tarehe za zamani zina madhara ya kweli. Mwaka 2024 dirisha la Chevening lilifungwa tarehe 5 Novemba. Mwaka 2025 lilifunguliwa 5 Agosti na kufungwa 7 Oktoba. Aliyetegemea tangazo la mwaka uliopita alichelewa takriban mwezi mzima. Saa pia ina maana: wao huandika 12:00 UTC. Kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hiyo ni saa tisa alasiri. Kwa Bujumbura, Kigali na Lubumbashi ni saa nane mchana, na kwa Kinshasa ni saa saba. Si saa sita usiku, ambayo ndiyo watu wengi huiwazia wakisoma "siku ya mwisho".

EPOS haina tarehe moja. Kozi moja inaweza kufunga mwishoni mwa Agosti na nyingine Oktoba, hata ndani ya chuo kimoja. Ukiomba kozi tatu una tarehe tatu, na iliyo karibu zaidi ndiyo inayokupangia ratiba. Kwa bahati hii hufanya fadhili zote mbili ziweze kuombwa katika msimu mmoja, na hakuna inayokukataza kuiomba nyingine. Kwa mwenye cheti cha miaka mitano na zaidi ningeanza na karatasi za EPOS mwezi wa sita, kisha insha za Chevening mwezi wa nane EPOS ikishatoka mkononi.

Posho, familia na kurudi

Sasa tunaweza kuja kwenye swali lake la kwanza. EPOS huwapa wanafunzi wa uzamili euro 992 kwa mwezi, pamoja na bima ya afya na mchango wa nauli, na kwa hali fulani kuna nyongeza ya kodi ya nyumba na posho ya mwenza na watoto walioandamana nawe. Kuna pia kozi ya Kijerumani ya miezi kadhaa kabla ya masomo. Chevening hulipa ada, nauli, viza, fedha za kufikia na za kuondokea, na posho ya mwezi inayopishana kati ya anayesoma London na anayesoma kwingine. Kama unalenga MBA, kumbuka ada yake ina kikomo cha pauni 22,000; kinachozidi ni chako, na MBA nyingi za Uingereza zinazidi.

Kwa asiye na familia tofauti hizi si za kumfanya mtu aache moja achukue nyingine. Kwa mwenye mtoto, zipo. Tangu Januari 2024 Uingereza imezuia wanafunzi wengi wa uzamili wa darasani kuandamana na familia. Wanaosoma kwa ufadhili wa serikali kwenye kozi ya zaidi ya miezi sita wamebaki na ruhusa hiyo, lakini Chevening haitoi hata senti kwa ajili ya mwenza au mtoto: viza, bima na chakula chao ni juu yako. Dada mmoja wa kazini kwetu mwenye watoto wawili aliniuliza hili, nami nilimwambia wazi kwamba kwa hali yake ningeanza na Ujerumani.

Sharti la kurudi ni la kusomwa kwa utulivu. Ukipokea Chevening unakubali kurudi nchini kwako kwa muda usiopungua miaka miwili baada ya ufadhili kumalizika. Anayepanga kubaki Uingereza kutafuta kazi asiiombe. Si haki kwa nafasi na si haki kwake. EPOS pia imekusudiwa watu watakaorudi kufanya kazi kwao, na barua ya motisha isiyoonyesha kurudi huonekana haraka.

Kama zote mbili zinakukataa

Aliyehitimu mwaka jana na hana kazi, asipoteze mwaka kwa hizi mbili. Kwa Uingereza kuna Commonwealth Shared Scholarships, isiyodai miaka ya kazi, ila inataka daraja la pili la juu na mtu asiyeweza kujigharimia. Ni kwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola zilizo kwenye orodha yao, kwa hiyo Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wana nafasi, Mrundi na Mkongo hawana. Kuna Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali ya Uturuki, ambayo kwa kawaida hupokea maombi kuanzia 10 Januari hadi 20 Februari. Kwa uzamili inataka uwe chini ya miaka 30 na wastani wa angalau asilimia 75, nawe utatumia mwaka wa kwanza kujifunza Kituruki. Aliye na miaka ishirini na nane na anazitamani zote, aanze na ya Uturuki, kwa sababu ile ile iliyomfanya mpwa wangu aanze na EPOS.

Yeye alituma SPRING na kozi moja ya usimamizi wa ardhi ya Munich, barua mpya ya mwajiri wa zamani ikiwa juu kabisa ya uthibitisho wa kazi. Chevening aliituma tarehe 3 Oktoba, siku nne kabla, saa nne asubuhi, akiwa kwenye deski lake la kazini wakati wa chai. Vyuo vitatu vya Uingereza alianza kuviomba wiki iliyofuata, bila kusubiri kuitwa kwenye usaili.